Kamba iliyobaki

Jirani yangu alinunua vipande 12 vya nyavu mjini Mbeya, akavipandisha basi hadi Chunya, kisha akavishusha Ziwa Rukwa. Kila kipande kilikuwa na karatasi yake: inchi 4, macho 26, yadi 100, na maandishi 210D/9. Yeye ni mvuvi wa siku nyingi, hakuhitaji mtu wa kumsomea. Alikwisha kukata kamba ya juu na ya chini kulingana na hesabu ya vipande 12, akaketi na vijana wake wawili kuvisha. Walipomaliza, kamba ilibaki kama mita 70 isiyo na wavu. Walidhani wamekosea kukaza. Wakafungua kipande kimoja, wakavisha upya, kamba ikabaki vilevile.

Ndipo aliponiita. Miaka kadhaa niliuza vifaa vya uvuvi katika kibanda kidogo, na najua kwamba karatasi ya kwenye wavu huchapishwa popote na kubandikwa na yeyote. Kamba ile ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa sababu ilisema jambo ambalo mvuvi angeweza kuligundua dukani, kabla hajatoa fedha, akiwa na futi ya fundi cherehani na mizani ya kupimia nyama.

Kwanza niseme nazungumzia maji gani. Tangu Mkoa wa Songwe uzaliwe mwaka 2016, ukanda wa ziwa uliokuwa wa Chunya umekwenda Wilaya ya Songwe, upande wa Mkwajuni. Lakini njia za biashara hazikufuata mpaka huo. Samaki wa Rukwa bado anaingia Chunya mjini na Makongolosi, ambako wachimbaji wa dhahabu wanakula kila siku, na watu wa Chunya bado wanateremka ziwani kuvua. Rukwa ni ziwa lisilo na mto wa kutokea, maji yake yana magadi, kina chake ni kifupi, upepo ukivuma tope linapanda na maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Humo mna magege, kambale, ngogo, na mamba wengi. Ushauri wa wavu wa Ziwa Victoria au wa Bahari ya Hindi ukiuleta hapa bila kuugeuza, utakugharimu.

Sasa hayo maandishi 210D/9. Namba ya kwanza inaeleza wembamba wa uzi mmoja mdogo kabla haujasokotwa na wenzake: urefu wa mita 9,000 za uzi huo una uzito wa gramu 210. Namba ya pili inaeleza nyuzi ndogo ngapi zimesokotwa pamoja. Wauzaji huiita plai. Plai 9 ni nyuzi 9, plai 6 ni nyuzi 6. Nyavu nyingi za makila utakazoziona madukani zinaanzia na 210 hiyohiyo, kwa hiyo kinachobadilisha nguvu ni namba ya pili.

Kwa nailoni nzuri, plai 3 huvumilia karibu kilo 4 na nusu kabla ya kukatika, plai 6 kilo 9 hivi, plai 9 kilo 14, plai 12 kilo 18. Hizo ni nguvu za uzi mkavu usio na fundo. Wavu, ukiutazama, ni mafundo matupu, na unafanya kazi ukiwa umelowa. Nailoni ikilowa inalegea, na fundo linaubana uzi ujikate wenyewe. Ndani ya maji, plai 6 inabaki na kilo 6, plai 9 inabaki na kilo 9, na plai 3 inashuka chini ya kilo 3. Muuzaji anayekutajia namba kubwa hakudanganyi, ila anakutajia ile ya uzi mkavu.

Mvuvi mgeni akisikia hivi atakimbilia plai 12. Asifanye hivyo. Magege wa inchi 4 hafiki kilo moja mara nyingi, na hana nguvu ya kukata hata plai 3. Uzi mnene ni mgumu, haujikunji kwenye mashavu ya samaki, anaugusa kwa pua na kurudi nyuma. Plai 3 ndiyo inayovua magege wengi zaidi, na kama ziwa lingekuwa na magege peke yao ningekuambia uinunue ulale.

Tatizo ni wengine waliomo. Ngogo ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na akishtuka anaisimamisha na kuifunga kama komeo. Akiingia kwenye wavu anajiviringisha, na kumtoa mzima kunahitaji dakika na subira, vitu viwili ambavyo kijana mwenye baridi saa kumi na moja alfajiri hana. Atavuta. Plai 3 inakatika macho manne kwa ngogo mmoja. Kuna visiki na mizizi iliyozama ziwa linapopanda na kumeza nchi kavu, jambo ambalo Rukwa hulifanya kila baada ya miaka kadhaa. Halafu kuna tope, ambalo kwa mara hii linakusaidia: katika maji machafu samaki haoni uzi, kwa hiyo unaweza kuongeza unene kidogo bila kupoteza sana. Mimi huwashauri watu plai 6 kwa inchi 4. Plai 9 kwa anayeweka karibu na mdomo wa mto, kwenye takataka.

Mamba usimnunulie wavu. Hakuna plai inayomzuia. Wavu mwembamba anautoboa na kupita, unabaki na tundu la kushona. Wavu mnene sana unamshika, naye anaondoka nao wote, pamoja na maboya.

Turudi kwa kile kipande cha jirani yangu. Tulianza na jicho. Jicho la wavu hupimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo hadi fundo la upande wa pili. Kupima jicho moja ni kujidanganya, kwa sababu kosa la milimita mbili hulioni. Shika macho 10 yanayofuatana, yavute kwa mkono mmoja yanyooke bila kuyakaza kupita kiasi, yalaze juu ya futi. Inchi 4 mara 10 ni inchi 40, yaani sentimita 101 na nusu hivi. Ni mita moja na upana wa kidole. Yake yalitoa sentimita 97. Hiyo ni inchi 3 na sehemu 8 kati ya 10. Kwa samaki tofauti ni ndogo. Kwa sheria si ndogo hata kidogo: Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 zinamwangalia mvuvi kwa ukubwa wa jicho, na ofisa uvuvi anapofika mwaloni hasomi karatasi, anapima jicho. Ukiwa umenunua ukubwa uleule wa mwisho unaoruhusiwa kwenye ziwa lako, kiwanda kikapunja, mwenye kosa ni wewe uliyeshika wavu. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani pita kwa ofisa uvuvi wa kata, muulize kiwango cha ziwa lako kwa samaki unayemlenga, na kama ziwa liko wazi kwa uvuvi msimu huo, kisha nunua robo inchi juu ya kiwango.

Baada ya jicho, urefu. Yadi 100 ni mita 91 na nusu, wavu ukiwa umevutwa. Tuliuvuta barabarani mbele ya nyumba, watoto wakishika mwisho mmoja, ukatoa mita 80. Hapo ndipo kamba iliyobaki ilipopata maelezo. Wavu wa makila huvishwa nusu kwa nusu: mita 91 za wavu zinakaa kwenye mita 45 hivi za kamba, ili macho yafunguke. Vipande 12 vingempa ukuta wa karibu mita 550. Kwa mita 80 kila kimoja, alipata 480.

Kisha tukapima uzito. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji kufungua wavu wala kubishana na mtu. Kipande cha inchi 4, macho 26, yadi 100 kina uzi wa mita 5,000 na kitu ndani yake, ukihesabu na unaoliwa na mafundo. Kwa plai 6, uzi huo unapaswa kuwa na gramu 800 hivi. Kwa plai 9, kilo 1 na gramu 200. Kikipungua au kuzidi gramu 50 usigombane. Chake kilikuwa gramu 700. Hata kama kingekuwa kifupi kwa mita 11, plai 9 haiwezi kushuka hapo. Tulikata uzi mdogo wa pembeni, tukausokotoa kinyume kwa kucha, tukahesabu nyuzi zilizomo. Zilikuwa 6.

Basi alilipia plai 9 ya yadi 100 yenye inchi 4, akabeba plai 6 ya mita 80 yenye inchi pungufu. Kwa bahati, plai 6 ndiyo ningemshauri. Alicheka kidogo niliposema hivyo, kisha akanyamaza.

Uzi wenyewe ulikuwa mzuri. Tuliupima kwa dumu, na kipimo hiki kinafaa kwa wavu, kwa mshipi na kwa kamba. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chukua uzi wa urefu wa mkono, ufunge fundo lilelile unaloshonea wavu, uloweke nusu saa, uuning'inize kwenye tawi, na chini yake uning'inize dumu tupu. Mimina maji kwa kikombe kinachojulikana ujazo wake, taratibu, hadi uzi ukatike, kisha ongeza uzito wa dumu tupu. Rudia mara tatu, kwa sababu mara moja huenda ukakutana na fundo baya. Plai 6 ikikatika kwenye kilo 6 au karibu yake, iko sawa. Ikikatika kwenye kilo 3, huo ni uzi wa ovyo, au ni uzi mzuri ulioliwa na jua.

Jua ni adui ambaye wengi hawamhesabu. Nailoni huoza kwa mwanga kama karatasi inavyogeuka manjano, na wavu ulioning'inizwa mlangoni mwa duka kama tangazo kwa miezi sita unaweza kuwa umepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake bila kubadilika sura sana. Rangi hufifia kidogo, uzi unakuwa mkavu mkononi. Mwambie muuzaji akutolee wa ndani, uliofungwa. Akisisitiza uchukue ule wa mlangoni kwa bei nafuu, mwachie.

Ipo pia hila ya kuuziwa wavu wa plastiki nyepesi ukiambiwa ni nailoni. Hii ni rahisi: tupa kipande cha uzi kwenye kikombe cha maji, kibonyeze kilowe vizuri kisha ukiachie. Nailoni inazama. Ile nyingine inaelea. Kwa kamba ya juu yenye maboya, kamba inayoelea ni nzuri. Kwa wavu wenyewe hapana.

Na ule wavu unaong'aa kama maji, wa uzi mmoja usiosokotwa, ambao wenzetu wa Kanda ya Ziwa wanauita timba, usiununue hata ukiuzwa nusu ya bei. Umepigwa marufuku nchini. Unavua sana, ni kweli, na ukikatika ukabaki ziwani unaendelea kuvua bila mwenyewe.

Nihamie kwenye ndoano, ambako sitakaa sana, isipokuwa kwa anayemfuata kambale. Kambale huvuliwa vizuri kwa kamba ndefu yenye ndoano nyingi, na hapo watu huuliza namba ya ndoano kana kwamba namba ni kipimo cha serikali. Namba ya ndoano inakwenda kinyume, 7 ni kubwa kuliko 9, na namba 8 ya kiwanda kimoja si lazima ilingane na namba 8 ya kingine. Mustad wa Norway, walioanza mwaka 1832, jina lao limezoeleka kiasi kwamba hata boksi la bandia huwekewa. Dawa ni kubeba ndoano yako moja ya zamani iliyokufaa, uiweke juu ya ile mpya. Zikilingana upana wa mdomo na unene wa waya, namba iliyoandikwa haikuhusu.

Kisha uijaribu. Chomeka ncha kwenye ubao, vuta shina kwa koleo. Ndoano nzuri inafunguka kidogo na kurudi. Inayofunguka na kubaki wazi ni laini, kambale wa kilo 6 atainyoosha. Inayokatika kwa mlio imechomwa kupita kiasi kiwandani, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu haikupi dalili. Pitisha ncha kwenye ukucha wa dole gumba bila kukandamiza: ikishika, ni kali, ikiteleza, utazinoa zote mia. Angalia na tundu la kufungia uzi. Kama waya haukufunga vizuri, ile kingo inakata uzi polepole, na wewe utamlaumu muuza uzi.

Kwenye kamba hiyo ndefu kuna kanuni moja: vijikamba vinavyobeba ndoano viwe dhaifu kuliko kamba mama. Ndoano ikinasa kisiki, ukivuta, ikatike ile moja, si kamba yote na ndoano zake 200. Kamba mama ya plai 36 inavuka kilo 40 bila shida. Vijikamba vya plai 12 vinatosha, kwa sababu hata vikilowa na kufungwa vina kilo 11, na kambale ndani ya maji havuti uzito wake wote. Ila anajizungusha. Kwa hiyo tumia uzi uliosokotwa, si mshipi wa plastiki wa uzi mmoja, ambao ukizungushwa usiku kucha unajikunja na kudhoofika palepale.

Mshipi huo wa uzi mmoja una mahali pake, kwa anayevua kwa mkono kandoni au kwenye bwawa. Hapa udanganyifu mkubwa ni unene. Kigurudumu kimeandikwa milimita 0.40 na kilo 20, na wewe unafurahi. Uzi wa kawaida wa milimita 0.40 unavumilia karibu kilo 10. Ukiona 20, ama uzi ni mnene kuliko ulivyoandikwa, ama kilo ni za kutunga. Zungusha mizunguko 10 kwenye msumari, ikiwa imeshikana bila kupandana, upime upana wake kwa rula: uzi wa milimita 0.40 utatoa milimita 4. Ukitoa 5 na nusu, wewe unauziwa uzi wa 0.55, na nguvu yake ni ya unene huo, si ya maajabu ya kiwanda.

Sasa suala la muuzaji. Chunya hakuna wingi wa maduka ya uvuvi, vifaa vinatoka Mbeya mjini, na watu wengine wanaagiza Mwanza au Dar es Salaam kwa simu na kupokea mzigo stendi. Nauli ya kwenda kurudisha wavu mbovu mara nyingi inazidi unachokidai. Kwa hiyo uaminifu wa muuzaji unapimwa kabla, na sipimi kwa upole wake. Napima kwa mambo machache. Je, anakubali upime uzito na macho mbele yake? Je, anakubali kuuza kipande kimoja kwanza? Je, kwenye risiti ya mashine anaandika aina ya wavu, inchi na plai, au anaandika "vifaa" tu? Hilo la mwisho ndilo lililomwangusha jirani yangu. Risiti yake ilikuwa halali, kodi imelipwa, lakini ilisema vifaa, jumla, basi. Aliporudi dukani hakuwa na pa kusimamia.

Na nunua kipande kimoja kwanza hata ukiwa na fedha ya 12. Kipime nyumbani, kivishe, kilaze ziwani wiki mbili. Ukirudi kununua vilivyobaki, pima tena kila kimoja kwa mizani, maana duka lilelile linaweza kuwa limepokea mzigo mwingine kwa jina lilelile. Muuzaji ninayemwamini mimi ni yule ambaye mzigo ukibadilika ananiambia kabla sijauliza. Nimewahi kuwa na mmoja wa namna hiyo katika miaka yote ile. Alikuwa anauza ghali, na mara mbili alinizuia kununua.

Anayeagiza kwa simu aombe kitu kimoja: picha ya kipande kikiwa juu ya mizani inayosomeka, na nyingine ya macho 10 juu ya futi. Asiyeweza kupiga picha hizo mbili hana haja ya fedha yako ya simu.

Jirani yangu alirudi Mbeya na vipande 8 alivyovitoa tena kwenye kamba. Walivipokea kwa shida, wakampa vingine, naye alikuwa amebeba mizani ya kupimia nyama kwenye mfuko wa rambo. Anasema alipoitoa na kuiweka mezani, kijana wa duka alikwenda stoo mwenyewe bila kuambiwa, akatoka na furushi jingine. Kilo 1 na gramu 180, kila kimoja. Vile vinne alivyoviacha kwenye kamba alibaki navyo, anaviweka ambako magege wadogo hawapo. Kamba iliyobaki amefungia mbuzi.